Kilio ya Agar mu Email ya Bwana Yangu

Bwana yangu, Zorobabel Vagheni, ni mutafsiri. Hapa Butembo ukisema vile, batu banakuangalia kwanza, kisha banakuuliza: "Sawa, mais kazi yake ni nini?" Kwetu kazi ni kuuza: kahawa, mbao, viazi, bitambaa. Mutu wenye kushinda na makaratasi na dictionnaire mbili, banafikiri iko mugonjwa ao anajitayarisha kuwa pasta. Mama yangu, siku ya kwanza nilimuleta ule kijana nyumbani, aliniita nyuma ya jikoni akaniuliza: "Kavuo, huyu atakulisha Kifaransa?"

Nikaolewa naye vile vile. Miye niko na secrétariat kidogo, chumba moja pembeni ya barabara, tunachapa, tunafanya photocopie, tunaweka kadi mu plastiki. Yeye iko na meza yake mu kona, nyuma ya imprimante. Anatafsiri matangazo ya chanjo, sheria za makanisa, barua za batu wenye kuwa na procès ku korti, na mara moja-moja kitabu. Kazi anaijua, siwezi kumunyima ile. Mais kiburi! Akitaka kuandika email ku client mukubwa, anavaa kwanza chemise ya kola. Nilimuuliza: "Papa Manassé, banakuona kupitia ku machine?" Manassé ni mutoto wetu wa kwanza, njo vile namuita. Akanijibu, bila kucheka: "Sentensi inajua vile mutu amevaa." Eh Mungu wangu, mutu wa namna hii njo nilipewa.

Sasa, ile mambo ninataka kuelezea ilianza na kitabu ya Papa Onésime Kitsa. Ule papa alikuwa mulimaji wa kakao kule Mabalako. Vita ikamufukuza na batoto yake, sasa iko Beni, mu commune ya Ruwenzori. Mu mwaka wa 2018, Ebola ilipoanza kwao, bibi yake Agar alipatwa, akafa mu kituo cha matibabu. Papa Onésime aliandika mambo yote ya ule ugonjwa kwa mukono, mu Kiswahili, na binti yake Hadassa akaichapa. Nyumba moja ndogo ya kutoa bitabu kule Kinshasa ikaipenda, ikataka kuitoa mu Kifaransa. Madame Ornella, wenye kuiongoza, yeye hajui Kiswahili hata kidogo, ni mutu wa Lingala na Kifaransa. Akatafuta mutafsiri, akapata bwana yangu.

Zorobabel alifurahi vile sijawahi kumuona. Alitembea mu quartier shingo juu wiki muzima.

Mu ile kitabu kuko sentensi moja yenye ilituletea haya. Papa Onésime aliandika: "Agar tulimuzika, lakini kilio yake hatukukaa." Weye unasoma uko mbali, pengine kwenu kilio ni machozi tu. Kwetu kilio ni mahali na ni batu. Mutu akifa, majirani banakuja bila kuitwa. Mwanaume anakuja na kuni ku bega, mwanamuke anakuja na maji, na maharagi, na ndizi. Banakaa chini mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, moto inawaka siku kwa siku, na wenye kufiwa habagusi chungu wala habawashi moto. Hakuna mutu wa kwenda shamba. Na mbele ya batu kurudi kwao kuko kitu kimoja chenye hakiwezi kukosa: kama ni bibi alikufa, bwana anasimama mbele ya familia ya ule bibi, anaeleza ugonjwa tangu siku ya kwanza mupaka ya mwisho. Banamuuliza maulizo, anajibu. Akimaliza na bakikubali, njo anakuwa tena shemeji yao. Asipofanya vile, anabaki mutu mwenye kupoteza binti ya batu.

Agar alizikwa na batu wa nguo nyeupe, haraka, ile siku ile ile, familia imesimama mbali. Ndugu zake walikuwa Kipese, kule juu Lubero, bakaambiwa basikuje. Majirani bakafunga milango. Kuni haikuletwa hata moja. Njo ile Papa Onésime alikuwa anasema.

Na Zorobabel akaitafsiri namna gani? Nitakuelezea kwa Kiswahili vile Kifaransa yake ilikuwa inasema: "Tulimuzika Agar, lakini hatukubeba matanzia yake." Kwa Kifaransa kubeba matanzia ni kuvaa nguo nyeusi, ni kuonyesha huzuni, ni kukaa bila furaha. Donc mutu wa Kifaransa akisoma, anaona bwana mwenye kumutupa bibi mu shimo na kurudilia mambo yake. Sentensi ilikuwa muzuri sana, ilikuwa inaimba. Na ilikuwa ya uongo. Namba ya simu ya Hadassa ilikuwa mu simu yake, angeuliza kwa dakika moja tu. Hakuuliza, juu Kiswahili ni yake tangu tumbo la mama, atauliza nini?

Ile ni kosa ya kwanza. Ya pili ni mubaya zaidi, na miye nilikuwapo, nikaiona na macho yangu.

Alikuwa amechapa kurasa za mwanzo, zile alimutumia Madame Ornella aone kama kazi inaenda. Ziko ku comptoir, ile meza ya kupokelea batu. Anaingia Papa Syauswa. Papa Syauswa njo kaka mukubwa wa Agar. Anateremusha viazi kutoka Kipese, anaviuzisha hapa Butembo, na makaratasi yake yote anafanyia kwetu. Bwana yangu akamuona, kiburi ikapanda: "Papa Syauswa, angalia! Dada yako anaingia mu kitabu, Kinshasa yote itamusoma." Akamupa zile kurasa. Kurasa za client, zenye mutafsiri haruhusiwi kuonyesha mutu mpaka kitabu itoke. Akazitoa vile mutu anatoa karanga.

Papa Syauswa alisoma humanités, ile masomo ya sekondari, Kifaransa anasikia bien. Alisoma amesimama, kidole inafuata mustari. Kidole ikasimama. Akarudilia tena. Kisha akaziweka chini pole pole.

"Kwa hiyo ameandika yeye mwenyewe," akasema.

"Ndiyo, kwa mukono yake!" Zorobabel akajibu, bado anacheka, masikini.

"Miaka yote nangojea aje Kipese anielezee. Hakuja. Nikasema, ni vita, ni umasikini, ni barabara. Kumbe iko anaelezea batu ya Kinshasa eti hakuona hata sababu ya kumulilia dada yangu." Akachukua kofia yake. "Hadassa anaolewa mwezi wenye kuja. Bamutafutie mujomba mwingine."

Akatoka. Photocopie yake ilibaki ku machine, ingali na moto.

Kama hauko mutu wa kwetu, hautajua vile ile neno inaua. Musichana hawezi kutoka nyumbani bila mujomba kusimama na kumubariki. Bakwe banaweza kuleta mali yote, kama mujomba hayuko, ni arusi gani? Kesho yake Hadassa akapiga simu. Hakutukana, afazali angetukana. Alisema tu: "Papa Zorobabel, ni nini mulimuandikia mujomba?" na akaanza kulia. Bwana yangu alishika ile simu na mikono mbili.

Ile siku hakula. Niliogopa kumutania.

Akaanza kurudilia kitabu yote. Kila mahali Papa Onésime aliandika kilio, yeye aliondoa Kifaransa yake, akaacha neno vile iko: kilio, na herufi za kulala, zile banaita italique. Pale papa aliandika huzuni, ile ya moyo, akaacha neno ya Kifaransa, juu pale ilikuwa sawa. Akatuma kazi yote Kinshasa. Madame Ornella akajibu upesi. Alisifu kazi, mais akauliza: sababu gani neno moja imebaki bila kutafsiriwa, na mu kurasa za mwanzo ilikuwa imetafsiriwa muzuri? Musomaji wake atajikwaa. Aweke "matanga", ile neno Kinshasa yote inaijua, ao aweke maelezo ku mwisho wa ukurasa. Na ajibu mbele ya kitabu kwenda ku imprimerie.

Zorobabel akavaa chemise ya kola.

Aliandika asubui muzima. Nilisoma nyuma ya bega yake, na miye Kifaransa ninasikia hata kama haimulishi mutu. Mungu wangu, ile email! Eti neno hii imebeba utajiri wa utamaduni. Eti batafsiri wakubwa wa dunia wanapendelea kuacha maneno ya namna ile. Eti baada ya kutafakari kwa kina. Kurasa mbili, na hakuna mahali aliandika: nilikosea. Hakuna mahali aliandika: nilimupa mutu kurasa zako. Akabonyeza, ikaenda.

Nikamuuliza: "Umemaliza kujipaka mafuta?"

"Mama Manassé, ile ni mambo ya métier."

"Métier gani? Hadassa analia, ule papa anaonekana mutu mubaya mbele ya bakwe yake, na weye unaandika utajiri wa utamaduni? Haya hauna?"

Kisha akasema, macho mu clavier: "Niko nayo. Njo sababu niliandika vile."

Pale hasira yangu ikavunjika kidogo. Kidogo tu. Nikamuambia: kesho tunapanda Beni.

Tulichukua taxi ya asubui, ili tufike jua likiwa muzuri, barabara si ya kuchezea. Papa Onésime anakaa mu nyumba ya mbao ya vyumba mbili, ya kukodi, lupango safi, kakao kidogo iko inakauka ku bâche ya plastiki, ya mutu mwingine, yeye anailinda tu. Alitupokea vizuri, na ile njo ilikuwa mubaya. Aliita Hadassa alete chai. Bwana yangu hakukaa ku kiti. Akasema amesimama: "Papa Onésime, ile neno si yako. Ni yangu. Niliweka mu kinywa chako kitu chenye haukusema, na nikamuonyesha shemeji yako. Nimekuja kuomba ruhusa ya kuomba musamaha."

Ule papa aliangalia kikombe yake. "Kaa," akasema.

Zorobabel akakaa chini, ku udongo, na pantalon yake yenye alikuwa amepiga pasi.

"Weye haukunizulia deni," Papa Onésime akasema. "Deni ilikuwapo. Sikusimama mbele yao. Kwanza balitukataza, ni kweli. Kisha hakuna mutu alinikataza tena, na sikuenda. Nikaandika. Kuandika ni rahisi, karatasi hairudishi ulizo."

"Ninaweza kumuendea Papa Syauswa, nimuelezee," Zorobabel akasema.

"Atasema nimekutuma."

Na njo vile ilikuwa. Siku tulirudi Butembo, miye mwenyewe nilienda ku dépôt ya viazi, nikamukuta Papa Syauswa ku mizani. Nilimuelezea yote, na hakuacha kupima. Mwishoni akasema: "Mama, bwana yako ni mutu wa maneno, anaweza kuyageuza asubui na kuyageuza tena mangaribi. Ile uongo alituma ku batu wenye kutoa kitabu. Kweli aitume kule kule. Na nione akiituma. Hapo njo nitajua kama shemeji ndiye alinitukana ao hapana."

Papa Syauswa alikuja kesho yake. Kumbe ilikuwa siku ya soko, secrétariat ilikuwa imejaa: banafunzi na travail de fin d'études yao, ile kazi ya kumaliza masomo, mama moja na makaratasi ya shamba, chauffeur mwenye kungojea carte rose ya gari yake. Nilitaka kuwafukuza. Zorobabel akasema: "Acha, babaki." Alikuwa na t-shirt ya kulalia. Akakaa ku machine, akaandika, na kila sentensi aliisoma kwa sauti, kwanza Kifaransa, kisha Kiswahili. Hii njo vile alisema, kwa Kiswahili yetu:

"Madame Ornella,

Email yangu ya kwanza haikukuambia kweli. Nilisema niliacha neno kilio juu ya utajiri wake. Hapana. Niliiacha juu nilikuwa nimeikosea, na nikaona haya kukuambia.

Mu kurasa za mwanzo nilimufanya mwandishi aseme hakubeba matanzia ya bibi yake. Hakusema vile. Alimulilia, na anamulilia mupaka leo. Sikumuuliza, nilijiamini. Kisha nilimuonyesha mutu wa familia zile kurasa, bila ruhusa yako wala ya mwandishi, na ile sentensi yangu imetenganisha batu. Kosa ni yangu peke yangu. Nakuomba uiondoe ile sentensi popote uliiweka.

Sasa ulizo yako. Neno ya Kifaransa ya matanzia inasema kitu cha mu moyo na cha ku nguo. Mwandishi alikuwa nacho. Neno ya kukesha inasema usiku moja. Neno ya mazishi inasema siku ya kaburi; ile waliipata, waliiangalia toka mbali. Matanga ya kwenu ninaiheshimu, mais musomaji wa Kinshasa ataona viti vya kukodi na muziki, na hapa hakukuwa hata kuni. Kilio ni batu kuja na kukaa, na ni bwana kusimama mbele ya bakwe kueleza ugonjwa. Hicho njo alikosa. Nikitia neno ya Kifaransa pale, ninamufanya akatae kitu chenye alinyimwa.

Maelezo ku chini ya ukurasa siombi. Mwandishi mwenyewe, mu sura ya kuzika, anataja kimoja kimoja vitu vyenye havikuja: kuni, maji, majirani, bashemeji. Musomaji akifika pale atajua kilio ni nini. Weka herufi za kulala mara ya kwanza tu, kisha neno ikae kama maneno mengine.

Ukitaka mutafsiri mwingine kwa bitabu vyenye kufuata, nitaelewa."

Ule chauffeur alikuwa amevua kofia, sijui sababu gani. Bwana yangu jasho ku shingo, mbele ya batoto wa université wenye kumuita Professeur. Miye mwenye kumutania kila siku niliona haya kwa ajili yake, nikajifanya ninapanga karatasi mu imprimante.

"Tuma," Papa Syauswa akasema.

Akatuma. Papa Syauswa alingojea mupaka machine ikaonyesha imeenda. Kisha akaegemea comptoir, akasema pole, si kwa mutu moja: "Kwa hiyo shemeji iko anangojea kusimama."

"Ndiyo, papa," Zorobabel akajibu.

"Neno umeiacha mu kitabu, sawa. Na kilio yenyewe, nani ataikaa?"

Hakungojea jibu. Jumamosi tulipanda tena Beni, safari hii ndani ya gari moja na yeye. Ku Butembo pale parking, convoyeur, ule wa kupakia mizigo, alimukatalia: "Papa, kuni Beni ziko nyingi, unabebea nini?" Papa Syauswa akamuambia: "Funga na kamba, hapana uliza." Kuni zikapanda juu ya gari, kuni za Kipese, na gunia ya viazi pembeni. Njiani Madame Ornella akajibu. Zorobabel alinipa simu nisome, yeye aliogopa. Alikuwa ameandika mustari mbili: neno inabaki vile, na kurasa za client haziguswi na mutu mwingine tena, hata awe ndugu ya marehemu. "Ana haki," bwana yangu akasema, akaangalia mulima mupaka tukafika.

Ku lupango ya Papa Onésime, Papa Syauswa hakupiga hodi. Alibeba kuni ku bega yake, mutu wa miaka ile, akaziteremusha katikati ya lupango. Papa Onésime alitoka ku mulango. Aliona kuni. Akashika ubao ya mulango, akakaa pale pale ku kizingiti.

Hakukuwa na mutu alitangaza. Mais commune ya Ruwenzori imezika batu wengi, mutu akiona kuni inashuka kwa mutu, anajua. Mama moja jirani akaleta maji. Mwingine akaleta ndizi. Muzee wa kanisa yao akaja na muti wake mukavu, akauweka juu ya zile zingine bila kuuliza ni nani amekufa. Moto ikawaka mchana, jua kali, na batu bakakaa chini. Hadassa alitaka kwenda kupika, bakamukalisha: hapana, leo haugusi chungu. Yeye ndiye alianza kulia, na bamama bakamufuata, miaka yote ile ikatoka.

Walipotulia, Papa Onésime akasimama. Kitabu hakuwa nayo. Alieleza vile inaelezwa: ilianza na kichwa, tukafikiri malaria, kisha kutapika, kisha kuhara kama moto-pompe, nikamupeleka na pikipiki yangu, kisha bakamuchukua ku kituo, nikabaki ngambo ya pili. Zorobabel alikuwa amekaa nyuma karibu ya miye, midomo inatembea, kila neno anaijua, alikuwa amelala nayo miezi muzima.

Papa Syauswa akauliza, ile ulizo yenye kila familia inauliza: "Alituita?"

Midomo ya bwana yangu ikasimama. Akainua kichwa. Hii haikuwa mu kitabu.

"Alikuita weye," Papa Onésime akasema. "Siku ya mwisho. Tulikuwa tunasemea ngambo ya ukuta ya plastiki. Aliniuliza: Syauswa iko wapi? Nilikuwa najua bamekukataza. Nilimuambia iko njiani. Akauliza tena, nikamuambia umepita Butembo, umekaribia. Alikuwa anaangalia mulango, shemeji. Alikufa anauangalia. Njo sababu sikuja Kipese. Ningekuja, ungeniuliza vile umeniuliza, na ningekuambia nini? Kwamba nilimudanganya mutu wa kufa na jina yako?"

Papa Syauswa alisimama, pole, mukono ku goti. Akaenda mupaka mbele yake. Nilifikiri atamupiga.

"Haukumudanganya," akasema. "Nilikuwa njiani. Nimefika, shemeji. Nimechelewa tu."

Walishikana pale mbele ya kila mutu, wazee wawili, wanalia kama batoto. Miye kitambaa yangu ilikuwa imelowa, sikuona tena muzuri. Nikamutafuta bwana yangu pembeni yangu, hakuwa pale. Moto ilikuwa inataka kuzimika, hakuna mutu alikuwa anaiangalia, na Zorobabel alikuwa amepiga magoti kule, anasukuma kuni moja ndani, anaipulizia na kinywa.